Ombi la Kutolewa Upya Ankara Na. 3386 kwa Jina na Anwani Sahihi ya Kampuni

MINDU MIKATE NA VYAKULA COMPANY LIMITED
Kiwanja Na. 63, Kitalu B, Kihonda Viwandani
Barabara ya Dodoma
S.L.P. 2096, Morogoro

Kumb. Na. MMV/FED/25/041
3 Oktoba 2025

Meneja wa Fedha,
Msimbazi Vifungashio Company Limited,
Vingunguti, Barabara ya Nyerere,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: ANKARA NA. 3386 YA TAREHE 24 SEPTEMBA 2025, SH. 13,570,000: OMBI LA KUITOA UPYA KWA JINA LA KAMPUNI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza tunawashukuru kwa mzigo. Maboksi 4,000 na mifuko ya karatasi 60,000 vilifika Kihonda siku ileile mliyoahidi, na mtunza stoo wetu alihesabu na kusaini hati ya kupokelea mzigo bila kasoro. Bei ni ile tuliyokubaliana. Barua hii haina malalamiko juu ya bidhaa wala juu ya gharama. Tatizo ni nani ameandikwa kuwa mnunuzi.

Ankara yenu imeandikwa kwa "MIKATE YA MINDU, S.L.P. 418, Mtaa wa Madaraka, Morogoro", na risiti ya EFD iliyobanwa juu yake ina jina hilohilo. Chini ya jina, kwenye mstari wa CUSTOMER ID, imechapwa TIN ya mtu binafsi: ni ya mkurugenzi wetu mwanzilishi, enzi akiuza mikate dukani kwake kwa jina la biashara. Mhasibu wetu aliihakiki risiti hiyo kwenye verify.tra.go.tz, na taarifa zilizotokea ni hizohizo. Kwa hiyo hata kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato, aliyenunua maboksi haya ni yeye binafsi, si kampuni iliyoyaagiza na kuyalipia.

"Mikate ya Mindu" bado mnaiona kwenye kibao cha duka letu la mjini na ubavuni mwa magari yetu, na tunaelewa kwamba watu wengi, wakiwemo wateja wetu wa miaka yote, wanatujua kwa jina hilo. Lakini hilo ni jina la kuuzia mkate tu. Kampuni ilisajiliwa BRELA mwaka 2021 kwa jina linaloonekana juu ya barua hii, ikapata TIN yake na baadaye usajili wake wa VAT. Duka la Mtaa wa Madaraka si ofisi ya kampuni, na lile sanduku la posta Na. 418 lilikwisha kufungwa. Tangu mwaka 2023 uzalishaji, stoo na ofisi ya fedha vyote viko Kihonda.

Tulipofuatilia tuligundua kwamba jina sahihi mlikuwa nalo. Oda yetu ya ununuzi Na. MMV/LPO/0217 ya tarehe 15 Septemba 2025 inalo. Proforma mliyotutumia kesho yake inalo, kwa sababu afisa mauzo wenu aliinakili kutoka kwenye oda. Hati ya kupokelea mzigo nayo inalo. Ankara pekee ndiyo imetoka tofauti, na tunadhani sababu ni kwamba idara ya hesabu iliichapa kutoka kwenye faili la zamani la mteja ambalo halijawahi kufungwa. Tungependa mliangalie hilo, maana lisiposhughulikiwa, mzigo wa Novemba nao utakuja na karatasi kama hii.

Tulipopiga simu Jumatatu tulipewa mapendekezo mawili, na kwa heshima zote hatuwezi kuyakubali.

La kwanza lilikuwa tukate jina kwa peni, tuandike sahihi juu yake, nanyi mgonge muhuri pembeni. Ankara ya kodi na risiti ya EFD haziwezi kurekebishwa hivyo. Mashine ilikwisha kutuma taarifa za mauzo hayo Mamlaka ya Mapato, na wino wetu haufiki huko. Atakapokuja mkaguzi, ataona karatasi inasema hivi na mfumo unasema vile, na swali litakuwa juu yetu sote wawili.

La pili lilikuwa tuiache ilivyo, kwa kuwa "bosi ni yuleyule". Mkurugenzi ni yuleyule, ndiyo, ila kisheria kampuni ni mtu mwingine mbali na wenye hisa wake. Yeye binafsi hajasajiliwa VAT na hakununua chochote kwenu mwezi Septemba. Ndani ya ankara hii kuna VAT ya Sh. 2,070,000, yaani asilimia 18 ya Sh. 11,500,000. Kampuni inayo haki ya kuidai kodi hiyo ya manunuzi kwenye ritani yake, ila kwa risiti iliyotolewa kwa jina, TIN na VRN yake yenyewe. Kwa karatasi tuliyonayo sasa, fedha hizo zimepotea kwetu. Isitoshe, upande wa kodi ya mapato, gharama ya Sh. milioni 11.5 yenye jina la mtu mwingine haitapita kwa mkaguzi wetu wa hesabu, na huyo mtu mwingine anaweza kuulizwa siku moja mali aliyonunua aliiuza wapi.

Tunachoomba ni mfute ankara Na. 3386 pamoja na risiti yake kwa kredit noti ya thamani yote, inayotaja namba na tarehe ya ankara hiyo, kisha mtoe ankara mpya na risiti mpya ya EFD zenye taarifa zifuatazo, herufi kwa herufi:

Jina: MINDU MIKATE NA VYAKULA COMPANY LIMITED
Anwani: Kiwanja Na. 63, Kitalu B, Kihonda Viwandani, Barabara ya Dodoma, S.L.P. 2096, Morogoro
TIN: 148-207-639
VRN: 40-031782-R
Oda ya ununuzi: MMV/LPO/0217 ya 15/09/2025

Tafadhali msifupishe jina. "Mindu Mikate Ltd" au "Mindu Vyakula" si sisi. Cheti cha usajili kinasema "Company Limited", na ndivyo mfumo wa TRA utakavyotusoma mkiingiza TIN hiyo. Jina la duka msiliongeze hata kwenye mabano.

Bidhaa, idadi, bei na jumla vibaki vilevile: maboksi 4,000 kwa Sh. 1,450, mifuko 60,000 kwa Sh. 95, VAT Sh. 2,070,000, jumla Sh. 13,570,000. Mzigo haujarudi, kwa hiyo hatuhitaji hati mpya ya kupokelea. Inatosha ankara mpya itaje ile ya tarehe 24 Septemba.

Kuhusu tarehe, hatuombi mrudishe nyuma. Mashine itachapa siku mtakayotoa risiti, nasi tutaidai kodi hiyo kwenye ritani ya mwezi Oktoba, inayowasilishwa ifikapo tarehe 20 Novemba. Septemba tumekwisha kuiacha. Kwa upande wenu, mkitoa kredit noti na ankara mpya ndani ya mwezi huohuo mmoja, kodi ya mauzo inapungua kwa kiasi kilekile inachoongezeka, hivyo hamtalipa shilingi zaidi. Zikipishana miezi ndipo hesabu zenu za VAT zitakapoyumba, na hilo pia ni sababu ya kutosubiri.

Kabla ya kuchapa risiti, tunaomba mtutumie rasimu ya ankara kwa barua pepe. Tutaisoma na kujibu siku hiyohiyo. Ni afadhali kosa la herufi likamatwe kwenye rasimu kuliko turudi tena kwenye kredit noti ya pili. Nakala halisi mnaweza kuzituma kwa parseli ya basi kama kawaida, bahasha ikiandikwa jina la kampuni na la idara ya fedha. Bahasha iliyopita ilikaa siku kadhaa dukani Madaraka kwa sababu wapokeaji walidhani ni barua ya bosi. Nasi tutawarudishia nakala halisi za ankara na risiti ya zamani mara tu tutakapopokea mpya, ili mafaili yenu yafunge vizuri.

Kuna jambo la malipo pia. Tarehe 19 Septemba tuliwalipa nusu, Sh. 6,785,000, kutoka akaunti ya benki ya kampuni. Tunahofu kwamba fedha hizo nazo zimeingizwa kwenye leja ya mteja wa zamani. Tafadhali zihamishieni kwenye leja ya kampuni na mtutumie taarifa ya hesabu inayoonyesha hivyo. Kama kwenye leja ile ya zamani kuna salio lolote la kabla ya kampuni kuanzishwa, liwe deni au ziada, tuandikieni barua ya pekee juu yake. Lisihamishwe kimyakimya kuja kwetu.

Salio la Sh. 6,785,000 muda wake wa kulipwa ni tarehe 24 Oktoba, na barua hii si ujanja wa kuusogeza mbele. Hati ya malipo imeandaliwa; kinachosubiriwa ni ankara ambayo mhasibu anaweza kuiambatisha. Bodi yetu hairuhusu fedha itoke kwa ankara yenye jina lisilo la kampuni, na benki inafuata maelekezo ya bodi. Tukipata nyaraka sahihi ifikapo Ijumaa tarehe 10 Oktoba, malipo yatafanyika ndani ya siku tatu za kazi, yaani mapema kuliko mkataba unavyodai. Zikichelewa kupita tarehe 24, tutalazimika kuyashikilia hadi zifike, na hatutarajii kutozwa riba kwa ucheleweshaji huo.

Mwisho, tunaomba mlifunge kabisa faili la "Mikate ya Mindu" kwenye mfumo wenu wa wateja, lisije likachaguliwa tena na mtu wa zamu. Oda ya Novemba ya mifuko ya karatasi itatoka wiki ya mwisho ya mwezi huu, nayo itakuja na nakala ya cheti cha TIN ili asiwepo wa kubahatisha.

Kwa ufafanuzi wowote, mpigieni mhasibu wetu kupitia namba ya ofisi mliyonayo, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Afisa mauzo wenu anaufahamu mkasa wote na amekuwa msaada mkubwa. Tungefurahi kama angeshirikishwa.

Wenu katika biashara,

(Saini na muhuri wa kampuni)

Neema J. Mkude
Meneja wa Fedha na Utawala
Mindu Mikate na Vyakula Company Limited

Viambatisho: nakala ya ankara Na. 3386 na risiti yake ya EFD. Oda ya ununuzi MMV/LPO/0217. Proforma ya 16 Septemba 2025. Hati ya kupokelea mzigo. Cheti cha usajili wa kampuni. Cheti cha TIN. Cheti cha usajili wa VAT. Uthibitisho wa benki wa malipo ya 19 Septemba 2025.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Mhasibu, Mtunza Stoo, Kihonda.