Ratiba ya wiki nne: Nadharia ya Grafu, mtihani wa Jumatatu 20 Julai

Mdogo wangu,

Nimepitia silabasi na mitihani ya miaka iliyopita uliyonitumia. Hii ndiyo ratiba yako kuanzia Jumatatu 22 Juni. Ichapishe uibandike ukutani hapo gheto, maana ikikaa kwenye simu utaisahau.

Mtihani ni wa saa tatu. Sehemu A ni ya lazima na ina alama 40. Sehemu B ina maswali matano, unachagua matatu, kila moja alama 20. Nikiangalia yale ya nyuma, zaidi ya nusu ya alama zinatoka kwenye uthibitisho, si kwenye kukokotoa. Matokeo ya testi yako yanasema vilevile: algorithi ulizipata zote, "thibitisha kwamba" ukaziacha wazi. Kwa hiyo ratiba hii imeelemea upande wa uthibitisho, nawe usiugeuze kwa sababu mchoro unafurahisha zaidi.

Muda wa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa: saa 11 alfajiri hadi saa 12 na nusu ni uthibitisho, kichwa kikiwa bado kitulivu. Saa 2 hadi saa 3 na nusu usiku ni maswali. Umeme ukikatika usiku, usihangaike na jenereta ya jirani. Lala, kisha fidia Jumamosi asubuhi. Jumamosi mchana ni diskasheni na wenzako. Jumapili mchana hutasoma grafu kabisa, una masomo mengine. Jumapili saa 1 usiku nitakupigia, nawe utanieleza uthibitisho mmoja kwa mdomo bila daftari.

Mtihani ni wa Kiingereza, basi majibu yako yote ya mazoezi yaandike kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza.

Grafu yako ya kudumu

Chora hii kwenye karatasi ngumu, utaitumia wiki zote nne. Nodi saba: Mtwara, Mingoyo, Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea. Viungo saba, na uzito wake:

Mtwara–Mingoyo 8
Mingoyo–Lindi 3
Mingoyo–Masasi 11
Masasi–Newala 6
Newala–Tandahimba 5
Tandahimba–Mtwara 9
Masasi–Nachingwea 4

Namba hizo ni za mazoezi, si kilomita. Ruangwa na Liwale nimeziacha makusudi ili mchoro usijae. Barabara hizi umezipita tangu utoto, kwa hiyo hutapoteza nguvu kukumbuka nani anaungana na nani. Kila ukikutana na dhana mpya, kabla ya kugusa mfano wa lekchara, iulize kwenye grafu hii kwanza.

Wiki ya kwanza, 22 hadi 28 Juni: msingi

Jumatatu na Jumanne ni maana za maneno tu: nodi, kiungo, digrii, njia, mzunguko, grafu iliyoungana, grafu ya pande mbili, grafu mbili zenye umbo moja. Andika kila maana kwa sentensi kamili bila kuangalia madesa, kisha linganisha. Usiyadharau haya. Swali la kwanza la Sehemu A huwa ni maana, na alama hupotea kwa neno moja lililosahaulika, kama "mzunguko usiorudia nodi" kuandikwa bila hilo "usiorudia".

Jumatano: jumla ya digrii zote ni mara mbili ya idadi ya viungo. Kwenye grafu yako digrii ni Mtwara 2, Mingoyo 3, Lindi 1, Masasi 3, Newala 2, Tandahimba 2, Nachingwea 1. Jumla ni 14, viungo ni 7. Sababu ni sentensi moja: kila kiungo kina ncha mbili, kwa hiyo kinahesabiwa mara mbili. Kutoka hapo thibitisha kwamba nodi zenye digrii witiri ni lazima ziwe shufwa kwa idadi. Zako ni nne.

Alhamisi: grafu ni ya pande mbili ikiwa, na endapo tu, haina mzunguko wa urefu witiri. Zingatia kwamba swali hili lina pande mbili za kuthibitisha. Ukifanya upande mmoja unapata nusu ya alama. Grafu yako ina mzunguko Mtwara–Mingoyo–Masasi–Newala–Tandahimba, urefu 5, basi si ya pande mbili.

Ijumaa: maswali ya orodha za digrii. Je, 3, 3, 3, 1 inaweza kuwa grafu sahili? Jumla ni 10, shufwa, lakini jibu ni hapana: nodi tatu zenye digrii 3 kila moja ingeungana na zote, hivyo ya nne ingekuwa na 3, si 1. Tafuta mengine ya namna hii kwenye mitihani ya zamani.

Wiki ya pili, 29 Juni hadi 5 Julai: miti

Hii ndiyo wiki nzito kuliko zote. Mti umetoka kila mwaka kwenye karatasi ulizonitumia, tena Sehemu B. Ukiushika huu vizuri una swali zima mkononi.

Siku tatu za mwanzo ni za theoremu moja: mti wenye nodi n una viungo n − 1. Ianze hivi. Kwanza onyesha kwamba mti wenye angalau nodi mbili una jani, yaani nodi ya digrii 1. Chukua njia ndefu kuliko zote ndani ya mti. Nodi ya mwisho wake ikiwa na jirani mwingine, ama jirani huyo yumo njiani, ukapata mzunguko ambao mti hauna, ama hayumo, ukapata njia ndefu zaidi. Yote mawili hayawezekani. Kisha ingia induksheni: ondoa jani, kinachobaki ni mti wenye nodi n − 1, kwa dhana ya induksheni una viungo n − 2, rudisha kiungo cha jani, umefika n − 1.

Hapo kuna shimo ambalo wengi hutumbukia. Wanaanza na mti mdogo na *kuongeza* jani, wanadhani wamemaliza. Hawajaonyesha kwamba kila mti mkubwa unapatikana kwa njia hiyo. Wewe anza na mti wowote mkubwa, *ondoa*. Msahihishaji huangalia hapo kwanza. Uandike uthibitisho huu kila alfajiri hadi mkono uuzoee, lakini kila mara ujiulize kila sentensi inasimama juu ya nini. Ukikariri maneno tu, swali likigeuzwa kidogo utakwama.

Alhamisi: Kruskal (1956) na Prim (1957). Kwenye grafu yako Kruskal huchukua 3, 4, 5, 6, 8, 9, na 11 hukataliwa kwa kuwa kinafunga mzunguko. Jumla 35.

Ijumaa: Dijkstra (1959) kuanzia Mtwara. Utapata Mingoyo 8, Tandahimba 9, Lindi 11, Newala 14, Masasi 19, Nachingwea 23. Sasa angalia: njia fupi ya Masasi inapita Mingoyo, juu ya kile kiungo cha 11 ambacho Kruskal alikitupa. Ndani ya mti wa Kruskal, Mtwara hadi Masasi ni 9 + 5 + 6 = 20. Mti wa gharama ndogo na njia fupi ni mambo mawili tofauti, na mara mbili wameuliza mfano wa kuonyesha hilo. Mfano unao tayari.

Jumamosi kwenye diskasheni: kanuni ya Cayley, idadi ya miti juu ya nodi n zenye majina ni nⁿ⁻². Kwa nodi 4 ni 16. Ichoreni yote 16 pamoja, msiamini tu.

Wiki ya tatu, 6 hadi 12 Julai: Euler, Hamilton, grafu bapa, rangi

Najua Jumanne ni Sabasaba na utatamani kupanda basi kwenda Newala. Usiende. Nimeshaongea na baba. Kupuliza salfa kwenye mikorosho safari hii watasaidiana na mjomba.

Jumatatu: Euler na madaraja saba ya Königsberg, 1736. Maeneo manne ya nchi kavu, digrii 5, 3, 3, 3, zote witiri, kwa hiyo matembezi hayawezekani. Grafu yako nayo ina nodi nne witiri, haiwezekani. Sasa ongeza kiungo cha mazoezi Lindi–Nachingwea. Wanabaki Mingoyo na Masasi tu, na unaweza kuanzia mmoja ukaishia kwa mwingine ukipita kila kiungo mara moja. Tafuta njia hiyo mwenyewe.

Jumanne: Hamilton. Kwa kiungo hicho kipya unapata mzunguko unaopita nodi zote saba. Theoremu ya Dirac (1952) inataka kila nodi iwe na digrii angalau n/2, na zako nyingi ni 2, chini ya 3.5. Mzunguko upo ingawa sharti halijatimia. Dirac inatosheleza, si ya lazima. Usiandike kamwe "sharti la Dirac halitimii, kwa hiyo hakuna mzunguko."

Jumatano na Alhamisi: V − E + F = 2. Thibitisha kutoka hapo kwamba grafu bapa sahili yenye nodi tatu au zaidi ina m ≤ 3n − 6. K₅ ina viungo 10, kikomo ni 9, imekwama. K₃,₃ ina viungo 9 na kikomo ni 12, inapita! Hapo tumia kwamba haina pembetatu, kikomo kinashuka hadi 2n − 4 = 8.

Ijumaa: rangi. Mzunguko witiri unahitaji tatu. Theoremu ya rangi nne ilithibitishwa na Appel na Haken mwaka 1976 kwa msaada wa kompyuta, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza uithibitishe; ya rangi tano ndiyo ya kusoma.

Wiki ya nne, 13 hadi 19 Julai

Jumatatu ni uoanishaji na theoremu ya Hall (1935). Elewa sharti lake kwa mfano: wanafunzi watatu wa mazoezi ya kufundisha, wote wanakubali shule mbili zilezile tu, kila shule inachukua mmoja. Watatu wana majirani wawili, mmoja atakosa. Uthibitisho kamili usome ikiwa tu wiki mbili za nyuma zimekaa sawa.

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi: mtihani wa zamani mzima, saa 3 hadi saa 6 asubuhi, kwenye maktaba, simu ukiwa umemwachia mwenzako. Dakika 65 Sehemu A, dakika 35 kwa kila swali la Sehemu B, 10 za kukagua. Dakika 35 zikiisha hama swali hata kama umebakiza mstari. Nipigie picha majibu, nitasahihisha kutoka Lindi usiku uleule. Jumatano na Ijumaa rudia ulichokosa, si kingine.

Jumapili usifungue mada mpya. Andika mara moja theoremu ya mti, ya pande mbili na ya Euler, weka kalamu mbili, rula na kitambulisho mezani, ulale saa 3 usiku. Asubuhi soma maswali yote matano ya Sehemu B kabla ya kuchagua, na uanze na lile la mti.

Dada yako