Sera ya Kutoa Taarifa za Wizi, Udanganyifu na Ubadhirifu katika Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Korosho

Sera hii ni ya wanachama wote wa chama chetu cha msingi (AMCOS), wajumbe wa Bodi, watumishi wa kudumu, vibarua wa msimu, wasafirishaji na wauza pembejeo wanaofanya kazi nasi katika maghala yetu matatu. Imepitishwa na mkutano mkuu kwa sababu moja kubwa: kilo zinazopotea kwenye mizani ni jasho la mkulima, na mara nyingi anayeona zikipotea ni kibarua ambaye mkate wake umo mikononi mwa yule yule anayeziiba. Tusipomlinda, hatasema.

1. Mambo ya kutolewa taarifa

Toa taarifa ukiona, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba kuna mojawapo ya haya: mizani iliyochezewa, uzito wa gunia tupu kukatwa zaidi ya halisi, korosho za daraja la kwanza kuandikwa daraja la pili ili tofauti iliwe na mtu, mchanga au mawe kutiwa kwenye magunia, korosho za kangomba kuingizwa ghalani kwa jina la mwanachama, stakabadhi kuandikwa bila mzigo, makato yasiyopitishwa na mkutano mkuu, salfa na viuatilifu vya ruzuku kuuzwa au kupewa wasiostahili, rushwa ya aina yoyote, ikiwemo rushwa ya ngono katika kuajiri vibarua, na hatari kwa uhai, kama magunia yaliyopangwa vibaya au viuatilifu kuhifadhiwa pamoja na chakula.

Ugomvi wa mipaka ya mashamba, madeni ya watu binafsi na malalamiko ya kawaida kuhusu zamu havishughulikiwi hapa. Hayo yapelekwe kwa Meneja au serikali ya kijiji.

Huhitaji kuwa na ushahidi kamili, wala usijifanye mpelelezi. Usivunje kabati, usichukue leja, usimrekodi mtu kwa siri hadi ukajiponza. Tuambie ulichokiona, sisi tutakitafuta.

2. Njia za kutoa taarifa

Anayepokea taarifa ni Afisa wa Taarifa. Huyu ni mjumbe wa Kamati ya Usimamizi aliyechaguliwa na mkutano mkuu. Si mjumbe wa Bodi, hana undugu na Meneja wala mtunza ghala yeyote, na haruhusiwi kusafirisha au kununua korosho msimu wowote akiwa na kazi hiyo. Msaidizi wake amechaguliwa kwa masharti hayo hayo.

Unaweza kumwona ana kwa ana, nyumbani kwake au mahali utakapochagua wewe. Ofisi ya chama tunaishauri iwe chaguo la mwisho, kwa kuwa kila anayeingia anaonekana na walioketi barazani. Unaweza kumpigia simu. Namba yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila ghala na kuchapwa nyuma ya kila kadi ya mwanachama. Asiyejua kusoma na kuandika atasimulia, Afisa ataandika, kisha atamsomea taarifa yote kabla ya kuifunga.

Njia nyingine ni sanduku. Kila ghala lina sanduku la chuma lililofungwa ukutani, upande wa choo cha wanachama na si upande wa mizani, ili mtu apite bila kuangaliwa. Lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao Afisa, wa pili anao msaidizi wake, na hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Hufunguliwa kila Jumanne na Ijumaa jioni. Msimu wa minada, kila siku mzani ukishafungwa.

Taarifa inayomhusu Afisa au msaidizi wake ipelekwe kwa Mwenyekiti wa Bodi. Inayowahusu wote hao ipelekwe kwa Afisa Ushirika wa wilaya.

Hulazimiki kuanza ndani ya chama. Rushwa unaweza kuipeleka moja kwa moja TAKUKURU, kwa kufika ofisini kwao au kupiga 113 bila malipo. Mizani mibovu ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Ubadhirifu wa viongozi upelekwe kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na wizi au vitisho polisi. Hakuna kiongozi atakayemuuliza mwanachama kwa nini ametoka nje kabla ya kupita kwake. Jambo moja tu tunalisihi: usilirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika, na kundi la WhatsApp si mamlaka. Tena, mwizi akisoma ujumbe asubuhi, leja inakuwa imeshaandikwa upya saa sita mchana.

3. Taarifa inayofanyiwa kazi

Taarifa nyingi hufia njiani kwa sababu hazina pa kushika. “Ghala la pili wizi umezidi” haitufikishi popote. Linganisha na mfano huu:

“Jumatano tarehe 15 Oktoba, kati ya saa nne na saa sita mchana, ghala la pili. Karani alipima magunia sita ya mzee mmoja. Kila gunia lilipowekwa, mguu wa mzani ulikuwa umeegemea kipande cha ubao upande wa ukutani. Mzee alipolalamika, mtunza ghala aliuondoa ubao na gunia la mwisho likazidi kilo tatu. Matano ya kwanza hayakurudiwa kupimwa.”

Hapo kuna siku, saa, mahali, kitendo na namna ya kuhakiki: tutachukua nakala za stakabadhi za siku hiyo na kulinganisha uzito wa gunia la sita na yale matano. Tenganisha ulichokiona kwa macho na ulichosikia kwa watu. Vyote vinapokelewa, ila tunavipima tofauti.

4. Taarifa isiyo na jina

Tunaipokea na kuipa uzito ule ule. Hakuna taarifa inayotupwa kwa kukosa jina, na ni marufuku kwa kiongozi au mtumishi yeyote kumsaka aliyeandika, kwa kulinganisha mwandiko, kukagua simu za watu au kuuliza “nani alikuwa hapa siku ile?” Kumsaka mtoa taarifa ni kosa la kinidhamu linalojitegemea, hata kama tuhuma zenyewe ni za uongo.

Lakini ahadi yetu haiwezi kukuficha peke yake. Na wewe jifiche vizuri. Kijijini mwandiko unajulikana, hivyo andika kwa herufi kubwa zilizotengana. Usitumie karatasi za ofisi wala kompyuta ya chama. Simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo ujumbe wa simu una jina lako hata usipoliandika. Picha ya simu inaweza kubeba mahali na saa ilipopigwa. Na kubwa kuliko yote: usitaje neno ambalo mliambiana wawili tu. Watu hawagunduliwi kwa mwandiko mara nyingi kama wanavyogunduliwa kwa habari ambayo wao pekee waliijua. Ukishatuma, usimsimulie hata rafiki.

Ili tuweze kuwasiliana, andika juu ya karatasi namba ya tarakimu tano uliyoichagua mwenyewe pamoja na neno la siri. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa wala namba ya uanachama. Baada ya siku saba mpigie Afisa kwa simu ya kuazima, au tia karatasi nyingine sandukuni yenye namba na neno lile lile. Kwa simu atakueleza hatua iliyofikiwa na kukuuliza yanayokosekana; hatakuuliza wewe ni nani. Kwa anayetumia sanduku tu, orodha ya namba hubandikwa kila Jumamosi katika mbao zote tatu, mbele ya kila namba neno moja: “imepokelewa”, “inachunguzwa”, “tunahitaji zaidi” au “imefungwa”. Hatubandiki kisa wala jina la ghala.

Wakati mwingine jambo linajulikana na watu watatu tu, na tukiligusa moja kwa moja tumemwanika mtoa taarifa. Hapo tunafanya ukaguzi wa jumla: mizani yote ya maghala yote inapimwa siku moja kwa mawe ya kilo 20 yaliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, au leja zote zinaitwa kwa pamoja. Kazi inaongezeka, gharama pia, na tumekubali.

Taarifa isiyo na jina hufungwa bila uchunguzi pale tu isipokuwa na la kuhakiki, na siku 30 zimepita baada ya kubandika “tunahitaji zaidi” bila jibu. Karatasi yenyewe inatunzwa. Taarifa ya pili ikija, tunazisoma pamoja.

5. Baada ya kupokea

Mwenye jina anathibitishiwa ndani ya siku 2 za kazi. Tathmini ya awali inamalizika ndani ya siku 7, uchunguzi ndani ya siku 30, na nyongeza ya siku 15 hutolewa mara moja tu kwa sababu iliyoandikwa. Mizani na mzigo ulioko ghalani havisubiri: ukaguzi ufanyike ndani ya saa 24, kwa kuwa mzigo ukishapandishwa gari ushahidi umeondoka nao.

Rejesta ya taarifa ina namba tu. Jina, kama lipo, liko kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya sefu tofauti, na kila anayeifungua anaandika tarehe, saa na sababu. Jina halitolewi kwa Bodi, kwa Meneja wala kwa mkutano mkuu. Litatolewa kwa ridhaa ya maandishi ya mwenyewe au pale sheria inapolazimisha, na hapo ataambiwa kabla. Kumbukumbu zinatunzwa miaka 5.

Mtuhumiwa ana haki zake. Anaelezwa tuhuma, anapewa siku 5 za kujibu, anaweza kuja na shahidi. Haelezwi habari zimetoka wapi.

6. Ulinzi dhidi ya kulipiziwa kisasi

Kisasi katika chama kama chetu hakija kwa barua ya kufukuzwa kazi pekee. Kinakuja kwa gunia lako kurudishwa nyuma ya foleni hadi jioni, korosho safi kushushwa daraja, jina kurukwa kwenye mgao wa salfa, malipo “kusubiri uhakiki” wakati wenzako wameshalipwa, mkeo kuondolewa kwenye ubebaji, au kuitwa msaliti mbele ya kikao. Yote haya yamekatazwa, na kinga inawahusu pia familia, mashahidi na yeyote aliyekataa kushiriki uovu.

Mtoa taarifa akipatwa na jambo kama hilo ndani ya miezi 12, mzigo wa kueleza uko kwa aliyelifanya: aonyeshe kwa maandishi sababu isiyohusiana na taarifa. Akishindwa, uamuzi unatenguliwa ndani ya siku 7 na hasara inafidiwa, ikiwemo tofauti ya bei ya daraja na ujira uliopotea. Mhusika anasimamishwa na kufikishwa kwenye kamati ya nidhamu. Afisa haketi kusubiri kulalamikiwa. Anamtafuta mtoa taarifa baada ya wiki 2, kisha mwezi wa 1, wa 3 na wa 6.

Mwajiriwa aliyeachishwa kazi asingoje majibu yetu mpaka muda umpite: mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Vitisho vya kudhuru mwili vipelekwe polisi siku hiyo hiyo, na Afisa atakusindikiza ukitaka.

Aliyekosea kwa nia njema analindwa sawa na aliyepatia. Asiyelindwa ni aliyetunga uongo akijua ni uongo, na hilo lithibitishwe. Kushindwa kwa tuhuma si uthibitisho. Aliyeshiriki uovu kisha akajitokeza hasafishiwi kosa lake, ila kujitokeza kwake kutazingatiwa katika adhabu ya chama.

7. Kuanza kutumika

Sera inaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2025, kabla ya maghala kupokea mzigo wa msimu. Itasomwa kwa sauti katika kila ghala siku ya kwanza ya kupokea korosho, na kila karani wa mizani, mtunza ghala na mjumbe wa Bodi ataisaini. Asiyesaini hatakabidhiwa mzani wala funguo. Kila mkutano mkuu wa mwaka, Kamati ya Usimamizi itasoma idadi ya taarifa zilizopokelewa, zilizothibitika, na fedha au kilo zilizorejeshwa kwa wanachama.