Mpango wa muda na bajeti: utafiti wa kusoma kwa jozi, darasa la tatu

Swali la utafiti ni fupi. Je, mwanafunzi wa darasa la tatu akisoma kwa sauti na mwenzake dakika 20, mara tatu kwa wiki, atasoma kwa ufasaha zaidi kuliko yule anayeendelea na ratiba ya kawaida? Tuna dola 28,000 na miezi 14. Waraka huu unaeleza fedha hizo zitakwenda wapi, lini, na ni nini kinaweza kutukwamisha. Unakwenda kwa mfadhili, kwa mhasibu wa taasisi na kwa timu yenyewe. Wote wasome nakala hiihii, ili baadaye asitokee wa kusema yeye aliambiwa jingine.

Ukubwa wa utafiti

Andiko la kwanza lilitaja shule 12 na wanafunzi 20 kila shule, jumla 240. Tumelibadilisha, na sababu ni ya kitakwimu lakini imegusa kila mstari wa bajeti.

Watoto wa shule moja hufanana: mwalimu mmoja, vitabu vilevile, mazingira yaleyale. Kwa hiyo mtoto wa ishirini katika shule hatupi taarifa mpya kama ile aliyotupa wa kwanza. Tukikadiria kufanana huko kuwa 0.2, hesabu inakuwa 1 + (20 − 1) × 0.2 = 4.8. Tukigawa 240 kwa 4.8, wanafunzi hao wanabeba uzito wa watoto 50 tu wasiohusiana. Tukichukua shule 16 zenye wanafunzi 12 kila moja, kigawanyo kinashuka hadi 3.2, na wanafunzi 192 wanabeba uzito wa 60. Watoto wamepungua, taarifa imeongezeka. Kilichozidi ni safari za gari.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu hiyo. Kumpima mtoto mmoja kunachukua kama dakika 15. Wapimaji wawili wakigawana watoto 12 wanamaliza kwa saa moja na nusu, kabla ya mapumziko ya asubuhi. Watoto 20 wangechukua saa mbili na nusu, kengele ingelia katikati, na nusu yao wangepimwa wakiwa na akili zao uwanjani.

Tuseme wazi pia kwamba uzito wa 60 hautoshi kugundua badiliko dogo. Huu ni utafiti wa awali: unaonyesha kama mpango unatekelezeka na kama dalili inatosha kuomba fedha za utafiti mkubwa. Ripoti haitadai zaidi ya hapo.

Ratiba

Ratiba haikuanzia mwezi wa kwanza. Ilianzia kwenye muhula wa majaribio na kurudi nyuma. Muhula huo una wiki 13. Wiki ya kwanza shule hazijatulia, na ya mwisho ni ya mitihani. Zinabaki 11. Kipimo cha mwisho kinakula mbili, hivyo usomaji wa jozi unapata wiki 9, si 10 kama tulivyoandika mwanzo. Kipimo cha awali hakina nafasi kabisa ndani ya muhula huo. Kinafanyika mwisho wa muhula unaotangulia, kabla ya mitihani. Watoto watasahau kidogo wakati wa likizo, lakini makundi yote mawili yatasahau.

Mwezi wa 1 hadi wa 3: ombi kwa kamati ya maadili (linawasilishwa kabla ya mwezi wa kwanza kwisha), kuandaa vifungu vya kusoma, kuajiri msaidizi wa utafiti. Kamati tumeipa wiki 10. Kibali kikitoka ndipo tunazuru shule 16, mbili kwa siku, kujitambulisha na kupeleka fomu za ridhaa ya wazazi. Mtoto naye ataulizwa kwa mdomo siku ya kupimwa, na akikataa hapimwi hata kama mzazi ameshasaini.

Mwezi wa 4: mafunzo ya wapimaji, siku 4, na siku moja ya kujaribu kipimo katika shule isiyo kwenye sampuli. Tunafundisha watano na kuchukua wanne. Wa tano anabaki akiba. Mtihani wao ni huu: wawili wanamsikiliza mtoto mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu na karatasi yake, kisha tunalinganisha neno kwa neno. Wasiokubaliana walau kwa asilimia 90 wanarudia.

Mwezi wa 5: kipimo cha awali. Timu mbili, siku 8 za shule na siku 2 za kuwafuata waliokosekana. Kura ya kuzigawa shule 8 za mpango na 8 za kusubiri inapigwa baada ya kipimo hiki, wala si kabla, ili mpimaji asijue anampima mtoto wa kundi gani. Likizo ikianza, walimu wawili wa kila shule ya mpango wanapata mafunzo ya siku 2.

Mwezi wa 6 hadi wa 8 ni usomaji wa jozi wenyewe. Msaidizi wa utafiti anatembelea kila shule ya mpango mara mbili bila kutaja siku. Anaangalia jambo moja: je, watoto wanasoma kwa jozi kweli, au mwalimu anasoma na darasa linaitikia?

Mwezi wa 9 ni kipimo cha mwisho, baada ya siku moja ya kuwanoa upya wapimaji. Mwezi wa 10, shule za kusubiri zinapata vitabu na mafunzo yaleyale. Tuliwaahidi walimu wakuu, na ahadi hiyo haitegemei matokeo. Kusafisha data na uchambuzi ni mwezi wa 9 hadi wa 11. Kurudisha matokeo shuleni ni mwezi wa 12 na 13, na mwezi wa 14 ni ripoti ya mwisho na kufunga hesabu.

Bajeti (dola)

| Kasma | Hesabu | Jumla |
|---|---|---|
| Mtafiti mkuu | siku 30 × 120 | 3,600 |
| Msaidizi wa utafiti, nusu siku | miezi 14 × 350 | 4,900 |
| Wapimaji, posho ikiwemo | siku za mtu 109 × 40 | 4,360 |
| Gari, dereva na mafuta | siku 57 × 70 | 3,990 |
| Mafunzo ya walimu 32 | siku 64 × 25, ukumbi na nakala 400 | 2,000 |
| Vitabu vya kusomea | shule 16 × 60 × 2.50 | 2,400 |
| Vishikwambi | 5 × 150 | 750 |
| Ada za maadili na vibali | | 500 |
| Mtakwimu | siku 8 × 110 | 880 |
| Kurudisha matokeo shuleni | gari siku 8, uchapaji 340 | 900 |
| Gharama za moja kwa moja | | 24,280 |
| Uendeshaji wa taasisi, 10% | | 2,428 |
| Akiba ya dharura, 5% | | 1,214 |
| Makato ya benki | | 78 |
| Jumla | | 28,000 |

Siku 109 za wapimaji zimepatikana hivi: mafunzo 20, majaribio 4, vipimo viwili 80, kunolewa upya 5. Siku 57 za gari: kujitambulisha 8, majaribio 1, vipimo viwili 40, ukaguzi 8. Naziandika kwa sababu mstari wa usafiri ndio huwa wa kwanza kupunguzwa na mtu aliyekaa mezani. Atakayetaka kuupunguza aonyeshe ni shule ipi isiende.

Vitabu nusu vinanunuliwa mwezi wa 5 na nusu mwezi wa 10. Vyote vinabaki mali ya shule.

Mtiririko wa fedha

Jumla kulingana haina maana kwamba fedha zitakuwepo siku zinapohitajika. Mkataba unatoa mikupuo mitatu: 11,200 tukisaini, 11,200 baada ya ripoti ya kipimo cha awali, na 5,600 baada ya ripoti ya mwisho.

Hadi mafunzo ya walimu wakati wa likizo tutakuwa tumetumia 10,990, kwa mpangilio huu: mtafiti mkuu siku 10, msaidizi miezi 5, wapimaji siku 64, gari siku 29, vishikwambi, ada, nusu ya vitabu na nusu ya mafunzo. Zinabaki dola 210. Mshahara wa msaidizi wa mwezi mmoja ni 350. Kwa hiyo ripoti ya kipimo cha awali lazima iondoke ndani ya siku 10 baada ya mtoto wa mwisho kupimwa. Tumeiandaa iwe kurasa nne: idadi ya waliopimwa, wastani, matatizo, hesabu za fedha. Tunamwomba mfadhili athibitishe kwa maandishi kwamba kurasa nne zinamtosha.

Mkupuo wa mwisho unakuja kazi ikiwa imekwisha, maana yake 5,600 za mwisho mtu lazima azisubiri. Taasisi imekubali kuchukua 2,428 zake mwishoni. Mtafiti mkuu atasubiri siku zake 17 za mwisho, dola 2,040. Akiba ya 1,214 isipoguswa tunafika 5,682, na tumevuka. Ikiguswa, pengo litazibwa kwa kuchelewesha malipo ya mtafiti mkuu zaidi. Wapimaji na madereva hawatasubirishwa hata siku moja.

Hatari

Kubwa kuliko zote ni kibali kuchelewa. Kisipopatikana hadi katikati ya mwezi wa 4, kipimo cha awali kinaikosa nafasi yake na utafiti unasogea muhula mzima, si wiki mbili. Miezi minne zaidi ya msaidizi ni dola 1,400, nayo akiba ni 1,214. Tumeamua mapema: likitokea hilo tunafuta mzunguko wa pili wa ukaguzi, siku 4 za gari, dola 280, na tunaomba mfadhili aongeze muda bila kuongeza fedha. Ombi hilo litaandikwa wiki hiyohiyo, tusingoje mwezi wa 13.

Watoto kuhama au kutoroka. Tukipoteza asilimia 15, wanabaki 163 na uzito unashuka kutoka 60 hadi kama 57. Tukipoteza shule moja nzima, unashuka hadi 56. Kwa hesabu, shule moja ni sawa na karibu watoto 40 waliotawanyika, ndiyo maana tumetenga ziara ya kujitambulisha na hatutumi barua peke yake. Hesabu hiyo lakini inadhani wanaoondoka wanafanana na wanaobaki. Kama wanaotoroka ndio wasomaji dhaifu, wastani utapanda bila yeyote kujifunza chochote, hivyo alama za awali za waliokosekana zitaripotiwa pembeni.

Mwalimu aliyefundishwa kuhamishwa: tunafundisha wawili, na mwongozo wa kurasa mbili unabaki shuleni.

Usalama wa watoto na wa data. Mpimaji hakai na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa. Meza inawekwa mahali panapoonekana na watu wazima wengine. Majina yanatunzwa kwenye faili moja, alama kwenye jingine, na namba tu ndizo zinazoyaunganisha. Kila jioni vishikwambi vinapakia data kabla ya timu kutawanyika. Mtandao ukikosekana, kiongozi wa timu ananakili kwenye diski mbili na kulala na moja.

Msaidizi wa utafiti atatuma kila Ijumaa ujumbe wa mistari mitatu kwa mhasibu na kwangu: shule zilizofikiwa, fedha zilizotoka, jambo lililokwama. Kuhamisha zaidi ya dola 300 kutoka kasma moja kwenda nyingine kunahitaji saini yangu na ya mhasibu. Chini ya hapo msaidizi anaamua mwenyewe na kuandika sababu.

Mtafiti mkuu