Usiku Niliohesabu Pumzi za Baraka

Kikohozi cha Baraka kilianza Jumapili, na kwa siku tatu nilikichukulia kuwa mafua tu, kwa sababu ulikuwa mwezi wa Julai, na hapa kwetu Njombe ukifika Julai hakuna nyumba isiyokohoa. Alikuwa na umri wa miezi saba. Nilimvisha sweta mbili, nikamnyonyesha kila alipotaka, na jioni nikaingiza jiko la mkaa chumbani ili apate joto, jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka najilaumu. Jumatano jioni kikohozi kikapungua. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutusaidia wakati mume wangu yuko Mufindi kwenye kazi ya mbao, akasema, "Unaona, Mama Baraka? Kinaondoka chenyewe." Nikashukuru Mungu, nikalala mapema.

Kilichoniamsha saa nane usiku hakikuwa kilio. Ilikuwa ni kanga iliyolowa maziwa. Baraka huamka saa tano na tena saa saba kunyonya, na usiku ule hakuwa ameamka hata mara moja. Nilitega sikio nikasikia mguno mdogo kila alipotoa pumzi, kama wa mtu anayepanda kilima na gunia mgongoni. Nilimpa titi; akalishika, akanyonya mara mbili, akaliachia ili apate hewa, akalitafuta tena, akaliachia, kisha akageuza uso.

Niliwasha tochi ya simu, nikafungua zile sweta na kupandisha fulana hadi kwapani. Mtoto mzima anapovuta hewa, kifua na tumbo hupanda pamoja. Cha Baraka hakikufanya hivyo: kila alipovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, ilibonyea kuingia ndani kiasi cha kuacha mfereji wa kivuli chini ya mwanga wa tochi, huku tumbo likitokeza nje na tundu za pua zikitanuka. Kwa siku tatu nilikuwa nikisikiliza kikohozi chake, lakini sikuwa nimekiangalia kifua chake hata siku moja, kwa kuwa muda wote nilikuwa nimekifunika.

Siku moja kliniki, muuguzi alitufundisha kuhesabu pumzi za mtoto. Alitusisitizia kwamba mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya, na kwamba tuhesabu dakika nzima bila kufupisha, kwa maana pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo mmoja. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, alisema, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Nilikaa kitandani, simu mkono mmoja, kiganja cha pili kikiwa juu ya tumbo lake, nikahesabu 68. Nilidhani nimekosea. Nikarudia, nikapata 66.

Nilimwamsha mama mkwe. Alimgusa mtoto paji la uso, akasema ni kimeo, na kwamba kukipambazuka tumpeleke kwa mzee mmoja wa kijiji cha jirani akakikate, kama walivyokatwa watoto wake mwenyewe. Sikutaka kubishana na mtu mzima saa zile, tena mtu aliyelea watoto sita.

"Mama, kimeo kiko kooni," nilimwambia. "Naomba uangalie hizi mbavu."

Aliinamisha kichwa karibu na tochi, akatazama pumzi nne au tano bila kusema neno. Kisha akainuka, akaleta blanketi lake na bahasha ya fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mbolea.

Jirani yetu mwenye bodaboda alitoka ndani akiwa bado anavaa koti. Zahanati yetu haina mashine ya oksijeni, kwa hiyo tulikubaliana twende moja kwa moja hospitali ya mjini, mwendo wa kilomita 18, barabara ya vumbi hadi inapokutana na lami. Sikumbeba Baraka mgongoni. Nilimweka mbele, wima, mbeleko ikiwa imelegea kifuani ili isimbane, na uso wake nikauacha wazi upande usio na upepo, kwa sababu nilitaka kuiona midomo yake kila tulipopita kwenye taa. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva alilazimika kupunguza mwendo kwenye kila kona, nami kila alipopunguza nilisema, "Kaka, tafadhali," naye akanijibu, "Tutafika, dada," hadi nikaona aibu kumsihi mtu anayefanya kadiri ya uwezo wake.

Getini mlinzi alituelekeza kwenye dirisha la kadi, ambako watu saba walikuwa wametangulia. Nilisimama pale kwa muda mfupi, nikijiambia kwamba utaratibu ni utaratibu, kisha nikatoka kwenye mstari, nikamfuata muuguzi aliyekuwa akipita na beseni, nikafunua fulana. Hakuniuliza jina. Aliweka beseni chini, akamchukua mtoto mikononi mwangu na kusema huku akitembea, "Huyu haanzi na kadi."

Walimfunga kidude cha kupimia oksijeni kwenye kidole gumba cha mguu. Kikasoma 83. Daktari alisema ikishuka chini ya 90 mtoto lazima asaidiwe hewa, na kabla hajamaliza maelezo muuguzi alikuwa ameshambandika vimirija viwili puani kwa plasta, na mashine pembeni ikaanza kunguruma. Wakamchoma ampisilini na jentamaisini. Kwa kuwa alikuwa anahema mno kuweza kunyonya bila kupaliwa, maziwa yangu nilikamua kwenye kikombe, yakapitishwa kidogo kidogo kwa mpira hadi tumboni. Baada ya nusu saa kidude kikasoma 94, na ule mguno ukakoma.

Palipokucha daktari alinieleza kwamba Baraka ana nimonia: vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu vimejaa majimaji, kwa hiyo kila pumzi inaingiza hewa kidogo, ndiyo maana anahema haraka, na mapafu yakishakuwa mazito, misuli huvuta kwa nguvu nyingi hadi mbavu laini za mtoto zinabonyea. Nilimuuliza imekuwaje wakati chanjo zote alipata. Akajibu kwamba chanjo huzuia baadhi tu ya vijidudu vinavyoleta nimonia, vile vikali zaidi, lakini viko vingine vingi. Kuhusu kikohozi kupungua alinijibu kwa ufupi: "Alikuwa amechoka, mama." Kisha akauliza kama tunaota moto ndani. Nikamwambia ukweli.

Siku ya tatu waliondoa vimirija, oksijeni ikabaki 95 bila msaada, na jioni ile Baraka alinyonya hadi akalala na titi mdomoni. Siku ya tano tuliruhusiwa, tukapewa vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha kwenye maji na tarehe ya kurudi kuangaliwa. Baba yake alikuwa ameshafika, kwa hiyo safari hii tulipanda gari.

Jiko sasa liko nje, chini ya paa la banda. Usiku wa kwanza nyumbani niliamka nikamkuta mama mkwe amekaa kando ya kitanda, fulana ya mtoto imepandishwa, simu yangu imewashwa tochi na kuegemezwa kwenye kikombe. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Alipofika 30 na kitu Baraka akapiga chafya, hesabu ikampotea. "Nionyeshe tena hiyo saa inaanziwa wapi," akasema, akarudisha kiganja chake juu ya tumbo la mjukuu wake, akaanza upya na moja.