Tamko la ufunguzi la ujumbe wa Ushelisheli katika majadiliano ya mfano ya mkataba wa plastiki baharini

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, ndugu zetu wa sekretarieti,

Ujumbe wa Ushelisheli unakushukuru kwa nafasi hii, na unawashukuru wanafunzi wenyeji wetu wa Dar es Salaam kwa maandalizi mazuri. Tunaunga mkono tamko la Kundi la Afrika na lile la nchi ndogo za visiwa. Sitayarudia. Dakika nilizopewa naomba nizitumie kuzungumzia kisiwa kimoja.

Aldabra ni kisiwa cha matumbawe chenye umbo la pete, na kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1982. Hakuna mji pale, hakuna hoteli, hakuna kiwanda. Kuna kituo kidogo cha utafiti, na kuna kobe wakubwa zaidi ya 100,000. Kutoka Mahé, kisiwa chetu kikuu, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Pwani ya Afrika iko karibu zaidi na Aldabra kuliko Mahé yenyewe. Kama kuna mahali duniani pasipostahili kuwa na taka za plastiki, ni hapo.

Mwaka 2019 kikosi cha watu wa kujitolea kutoka Ushelisheli na Chuo Kikuu cha Oxford kilikaa Aldabra wiki tano kikiokota plastiki. Kiliondoa tani 25. Watafiti walipokadiria kilichobaki, walipata takriban tani 500. Kwa uzito, asilimia 83 ya taka hizo ilitokana na uvuvi: nyavu, kamba, maboya. Kandambili peke yake zilikuwa asilimia 7. Makadirio ya kusafisha kisiwa kizima yalifika dola za Marekani milioni 4.68 na saa 18,000 za kazi, yaani karibu dola 9,000 kwa kila tani moja. Nchi inayodaiwa fedha hizo ina watu laki moja na ushee.

Naomba wajumbe waelewe kwa nini tani moja inagharimu kiasi hicho. Wavu ulioletwa na mawimbi hautui juu ya mchanga ukisubiri kukunjwa. Unajisokota na kamba nyingine, unajaa mchanga na chaza, kisha unanasa kwenye mwamba wa matumbawe wenye ncha kali kama vipande vya chupa. Ukiuvuta, hautoki. Inabidi ukatwe kwa kisu pale pale, kipande kwa kipande, utiwe kwenye magunia na kubebwa na watu hadi mahali ambapo boti inaweza kusogea maji yakijaa. Kutoka hapo mzigo unasubiri meli ya kuupeleka Mahé. Na Mahé kwenyewe ardhi ni finyu, jalala ni la kubanana, na kamba iliyopigwa na jua kwa miaka na kulowa chumvi haina kiwanda kinachoitaka. Wakati huo huo kasa anayepanda ufukweni usiku kutaga anakutana na rundo la kandambili na maboya, na mara nyingine hurudi majini bila kutaga.

Taka hizi hazikutupwa na Waaldabra, kwa sababu Waaldabra hawapo. Mkondo wa Ikweta ya Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki kwenda magharibi na kutufikia mlangoni. Aina ya plastiki nayo ina neno lake. Maji ya bahari yana msongamano wa takriban gramu 1.025 kwa kila sentimita ya ujazo. Polipropilini iko karibu 0.9 na polithini haifiki 1, hivyo zote mbili huelea na kusafiri miezi au miaka. Nailoni iko karibu 1.14, ikikosa maboya huzama na kuendelea kunasa samaki huko chini ambako hakuna anayeona. Kwa hiyo tani 500 za Aldabra ni sehemu inayoelea tu ya kilichopotea.

Nchini kwetu, mwaka 2017 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, vikombe, sahani na visu vyake, pamoja na makasha meupe ya chakula. Mirija ilifuata mwaka 2019. Jirani zetu wamefanya hivyo pia: Rwanda tangu 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Ni sheria nzuri na tunajivunia. Lakini hakuna sheria ya Victoria, mji mkuu wetu, inayoweza kuuzuia wavu uliopotea maili elfu mbili kutoka kwetu. Ndiyo maana tuko katika chumba hiki, na ndiyo maana tulishangilia tarehe 2 Machi 2022, pale Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipopitisha jijini Nairobi azimio namba 5/14 la kutaka mkataba wenye nguvu ya kisheria. Tangu hapo wakubwa wetu wamekutana Punta del Este, Paris, Nairobi, Ottawa, Busan na Geneva, na Agosti 2025 walitoka Geneva bila mkataba. Kikao chetu kinaanzia pale, na rasimu ya Mwenyekiti iliyotoka Busan Desemba 2024 ndiyo iliyo mezani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, jambo ambalo ujumbe wangu umelijia ni zana za uvuvi. Katika Kifungu cha 7 cha rasimu, cha uvujaji wa plastiki, zimetajwa kama jambo la pembeni. Kwetu ni asilimia 83.

Tutaambiwa kuwa suala hili lina mkataba wake. Ni kweli, Kiambatisho cha Tano cha mkataba wa MARPOL, kinachotumika tangu tarehe 31 Desemba 1988, kinakataza meli kutupa plastiki baharini popote. Lakini tukisome kwa makini. Wavu uliopotea kwa bahati mbaya hauhesabiwi kuwa kosa, mradi tahadhari za kawaida zilichukuliwa. Taarifa kwa nchi ya bendera inadaiwa pale tu upotevu unapoleta hatari kubwa kwa mazingira au kwa vyombo, na anayepima ukubwa wa hatari hiyo ni nahodha yule yule aliyepoteza wavu. Daftari la kumbukumbu za taka lilikuwa lazima kwa meli za kuanzia tani 400. Tangu Mei 2024 ni za kuanzia tani 100. Hatua njema, lakini vyombo vingi vya uvuvi ni vidogo kuliko hivyo. Kuhusu kutia alama kwenye nyavu, tunao mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo wa mwaka 2018, nao ni wa hiari. Matokeo yake ni kwamba kikosi cha Aldabra kinakata wavu bila kujua ulikuwa wa nani.

Kwa hiyo tunapendekeza aya mpya yenye wajibu, isiyo na maneno “inapofaa” wala “kwa kadiri ya uwezo”. Kila wavu, kamba kuu na boya la chombo cha kibiashara kiwe na alama ya kudumu inayomtambulisha mmiliki na nchi ya bendera. Alama iwe zaidi ya moja kwa urefu wa wavu, kwa sababu wavu ukikatika, kipande kisicho na alama ndicho kitakachosafiri. Upotevu wowote uripotiwe ndani ya saa 48, ukionyesha mahali, aina na urefu, na taarifa iende kwa nchi ya bendera na kwa nchi za pwani zilizo upande mkondo unakoelekea. Bandari zipokee nyavu chakavu bila ada ya papo kwa papo; gharama iingizwe katika ada ya kawaida ya kutia nanga inayolipwa na kila meli. Nahodha akidaiwa pesa kwa kila gunia la nyavu anayoleta, tumemfundisha kuliacha baharini. Wavuvi wadogo wa ngalawa na madau wapewe muda mrefu zaidi na alama za bure. Hatukuja hapa kumtoza faini mzee wa Pemba mwenye wavu mmoja.

Hapa sina budi kusema lililo letu. Bandari ya Victoria ni kituo kikubwa cha meli za jodari katika Bahari ya Hindi, na baadhi ya meli hizo zinapeperusha bendera yetu. Hutumia chelezo za kuvutia samaki: jukwaa linaloelea, mkia wa kamba au wavu unaoning'inia makumi ya mita chini, na boya lenye setilaiti linaloeleza chelezo kiko wapi. Kikitoka nje ya eneo lenye faida, mawasiliano ya boya hukatwa, na kuanzia hapo chelezo hakina mwenyewe. Vingine huishia kwenye matumbawe yetu wenyewe. Ujumbe wetu unakubali chelezo viingizwe kwa jina katika aya hiyo, vitengenezwe kwa kamba zinazooza na zisizo na matundu ya kunasa, na kukata mawasiliano ya boya kabla ya kukichukua chelezo kuhesabiwe kuwa ni kukitupa. Itazigharimu meli zetu. Tumelipima hilo na bado tunalitaka.

Kuhusu punje za plastiki, malighafi ya viwandani, nitasema machache. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl iliungua na kuzama karibu na Colombo, na takriban tani 1,680 za punje zikamwagika. Ni vidonge vya milimita chache. Vikishachanganyika na mchanga, unachekecha ufukwe mzima kwa chujio. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Usafiri Baharini lilitoa mapendekezo kwamba punje zifungwe vizuri, zitajwe wazi kwenye hati za shehena na zisipangwe juu ya sitaha pasipo ulazima. Ni ya hiari. Tunaomba yawe lazima.

Kifungu cha 6, cha uzalishaji, hatukifuti. Mwaka 2019 dunia ilizalisha takriban tani milioni 460 za plastiki, na asilimia 9 tu ya taka zake ndiyo iliyorejelezwa. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo linakadiria kuwa matumizi yatakaribia mara tatu ifikapo mwaka 2060 mambo yakiendelea hivi. Hakuna kisu cha kukata nyavu kitakachoshindana na hesabu hiyo. Tunaheshimu nchi ambazo mafuta na kemikali ndiyo ajira ya watu wake, na tuko tayari kujadili muda na msaada wa mpito. Kuondoa kifungu chote hatuko tayari.

Katika Kifungu cha 9, cha plastiki iliyokwisha kuingia katika mazingira, na cha 11, cha fedha, tunataka maneno ya wazi kwamba nchi inayopokea taka isiyozizalisha ina haki ya kupata ruzuku ya kuziondoa, kutoka mfuko mahususi, wala si mkopo. Na kuhusu kanuni ya 38 ya uendeshaji: tujitahidi kufikia makubaliano ya pamoja, ila juhudi zikigonga mwamba, theluthi mbili waamue. Geneva imetuonyesha gharama ya kukosa njia hiyo.

Maandishi ya aya yetu ya zana za uvuvi yako kwa sekretarieti, kurasa mbili. Ujumbe wa Ushelisheli unaomba kikundi cha Kifungu cha 7 kiyafanye kuwa jambo la kwanza kesho saa 3 asubuhi, na tutakuwepo kuanzia saa 2 kwa mjumbe yeyote mwenye swali au neno la kubadilisha.

Asante, Mheshimiwa Mwenyekiti.