Utaratibu wa Kazi Na. 7: Kupika Sosi ya Nyanya, Zamu ya Mchana na ya Usiku

Toleo la 2. Linafuta toleo la 1, ambalo liliagiza kupika "mpaka iwe nzito". Kila mpishi alikuwa na uzito wake machoni, ndiyo maana chupa za mchana na za usiku hazikulingana.

1. Kabla ya kuwasha moto
Mpishi anakagua mizani kwa jiwe la kilo 5. Ikikosea zaidi ya gramu 10, haitumiki. Mpimaji anasahihisha mita ya pH kwa vimiminika vya pH 4.00 na 7.00, na rifraktomita, kifaa kinachosoma Briksi yaani asilimia ya sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka, kwa maji safi isome 0. Hufanywa kila zamu, hata kama zamu iliyotangulia imefanya.

2. Vipimo vya bechi moja
Rojo ya nyanya kilo 100 (Briksi 12), sukari kilo 14, chumvi kilo 2.5, siki ya asilimia 5 lita 8. Kila kitu hupimwa kwa mizani au chombo chenye alama. Vikombe na makopo yameondolewa kwenye chumba cha kupikia.

Rojo ikisoma chini ya 11 au juu ya 13, mwite msimamizi wa zamu kabla ya kuimimina.

3. Kupika
Chemsha rojo na sukari huku ukikoroga. Chumvi na siki huingia mwishoni, Briksi ikifika 26, kwa sababu siki ikichemka muda mrefu ukali wake hupotea na mvuke.

Sosi imeiva ikisoma Briksi 28 hadi 30 na pH 3.7 hadi 4.0. Saa ya ukutani haiamui. Funika sampuli, ipoze hadi nyuzi 20 ndipo upime: sampuli ya moto husoma chini ya ukweli, mpishi akaendelea kupika, sosi ikazidi uzito. Kosa hili ndilo lililotusumbua zaidi.

Jaza chupa sosi ikiwa nyuzi 85 au zaidi. Ikipoa chini ya hapo, simamisha ujazaji, ipashe moto tena na upime Briksi upya.

4. Kupokezana zamu
Sufuria iliyo motoni haiachwi. Aliyeianza anaimaliza, au anasimama na mwenzake hapo hapo, wanapima pamoja, na wote wawili wanatia saini kwenye daftari la bechi: namba ya bechi, saa, Briksi, kilichokwisha kutiwa na kilichobaki. Kusimuliana mlangoni hakutoshi.

5. Bechi ikitoka nje ya vipimo
Bandika kadi nyekundu, iweke kwenye rafu ya zuio, andika kilichotokea. Usiichanganye na bechi nzuri ili "kuipunguza". Msimamizi wa ubora pekee ndiye huamua kama itapikwa upya au itatupwa. Anayeripoti kosa lake mwenyewe haadhibiwi kwa kuliripoti.

Mpishi akiona kipimo hapa hakifai, aandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Mpaka toleo la 3 litiwe saini, hili ndilo linalofuatwa.