Maelezo ya mwombaji: kozi fupi ya kurekodi na kuchambua toni za lugha za Kibantu

Kwa Ndugu Wajumbe wa Kamati ya Uteuzi,

Ninaomba nafasi ya kuhudhuria kozi ya kiangazi ya wiki tatu itakayofanyika Uholanzi mwezi Julai. Fomu inamtaka mwombaji aeleze uhusiano wa mafunzo haya mafupi na malengo yake ya muda mrefu. Tasnifu yangu ya umahiri, na ya uzamivu ninayokusudia kuiandika baada yake, zote mbili zinategemea data ya sauti. Isimu ya nadharia nimefundishwa vizuri hapa Iringa. Kurekodi sauti inayopimika, na kuipima, ndicho kipande kinachokosekana.

Ninasoma umahiri wa Kiswahili, upande wa isimu, na tasnifu yangu inahusu toni na njeo katika vitenzi vya Kibena. Kibena ni lugha ya mama yangu mzazi na ya kijiji nilichokulia, wilayani Wanging'ombe, mkoani Njombe. Katika uainishaji wa Guthrie imepewa namba G63, jirani kabisa na Kihehe, G62. Kibena kina zaidi ya njeo moja ya wakati uliopita: jambo la leo asubuhi halisemwi kama la zamani. Mtafiti akimuuliza mzee kwa Kiswahili, "Mnasemaje 'nililima'?", anapata jibu moja, kwa sababu swali lenyewe limeshazifunga njeo hizo zote ndani ya -li- moja. Ndiyo maana data yangu siichukui kwa kutafsirisha sentensi tu. Ninawaomba watu wanisimulie: shamba lililimwaje mwaka ule, harusi ilikwendaje juzi, leo wameamkia kazi gani.

Hapo ndipo tatizo la kiufundi linapoanza. Sikio langu linasikia kwamba kitenzi kimepanda au kimeshuka, lakini tasnifu haiwezi kusimama juu ya sikio la mwandishi peke yake. Msomaji lazima aone mstari wa kidatu. Rekodi za majaribio nilizochukua kwa simu nyumbani zinaeleweka vizuri ukizisikiliza, ila ukizifungua kwenye Praat mstari unakatikakatika. Sehemu ya sababu ni mazingira: kuku, upepo wa kipupwe, mazungumzo ya chumba cha pili. Sehemu ni simu yenyewe, ambayo hupandisha na kushusha kiwango cha sauti bila kuulizwa, kisha huhifadhi faili lililobanwa badala ya WAV. Na sehemu, ambayo naiona ndiyo muhimu zaidi kwa mwanaisimu, ni uchaguzi wa maneno. Konsonanti zisizo ghuna kama p, t, k na s hukata mtetemo wa nyuzi za sauti, kwa hiyo mstari wa kidatu hukatika nazo. Neno lililojaa m, n na l huacha mstari ukipita bila pengo. Orodha ya vitenzi vya kupimia toni inapaswa kuandaliwa kwa kuzingatia hilo kabla ya kutoka chuoni. Nimeanza kuiandaa, na ninataka ipitiwe na watu waliokwisha kufanya kazi hiyo katika lugha nyingine za Kibantu.

Kwa mujibu wa ratiba iliyotolewa, wiki ya kwanza ni ya vifaa na mazingira ya kurekodia, ya pili ni ya kupima toni kwa Praat, na ya tatu ni ya kunukuu masimulizi kwa ELAN, kuyahifadhi na kupata idhini ya wazungumzaji. Programu zote mbili zilitengenezwa Uholanzi: Praat na Boersma na Weenink, Amsterdam, ELAN katika Taasisi ya Max Planck, Nijmegen. Zote hupatikana bure, kwa hiyo nitakachojifunza hakitakwama nikirudi kwa kukosa leseni. Kila mshiriki anatakiwa aende na rekodi zake mwenyewe, azichambue mbele ya wakufunzi na kusahihishwa. Hilo ndilo lililonivutia kuliko yote. Mwongozo wa Praat ninao na nimeusoma. Ninachohitaji ni mtu mzoefu aketi kando yangu, auangalie mstari wa sauti ya bibi wa Kibena na kunionyesha ni wapi nimekiita toni ya juu kitu ambacho ni kiimbo cha mwisho wa sentensi.

Mjumbe anaweza kuuliza kama wiki tatu zinatosha. Kwa kuifahamu fonolojia ya toni hazitoshi, na siombi nafasi hii kwa lengo hilo. Kwa stadi ya mikono zinatosha, mradi mwanafunzi awe na data mkononi na kazi inayomsubiri. Mimi kazi inanisubiri. Uwandani nitakwenda Septemba na Oktoba, na miezi hiyo nimeichagua makusudi: Njombe mvua huanza kwenye Novemba, na mvua ikishapiga bati hakuna rekodi. Mahindi yanakuwa yameshavunwa, watu wana nafasi ya kuketi na kusimulia. Kozi ikiisha mwishoni mwa Julai, ninabaki na Agosti nzima ya kurekebisha orodha ya vitenzi na fomu za idhini. Nikiikosa mwaka huu, mafunzo ya mwakani yatanikuta data imeshakusanywa, na rekodi mbovu haiponi kwa mafunzo ya baadaye.

Lengo la mbali ni uzamivu, na swali lake ninalo tayari. Kinyakyusa, lugha ya Rungwe na Kyela, hakitumii toni kutofautisha maneno. Kibena na Kihehe vinatumia. Katikati, huko Makete, kuna Kikinga na Kiwanji, ambavyo Guthrie aliviweka kundi moja na Kibena ingawa wasemaji wake wanapakana na Wanyakyusa. Ninataka kujua toni inafanya kazi gani katika lugha hizo za mpakani, na kama kuna dalili ya kupungua kwa kadiri unavyosogea kusini-magharibi. Swali kama hili halijibiki kwa kulinganisha sarufi zilizoandikwa na watu tofauti, kila mmoja kwa sikio lake na alama zake. Linahitaji orodha moja, vipimo vya namna moja na rekodi ambazo mtafiti mwingine anaweza kuzifungua na kunipinga. Data ya Kibena nitakayoikusanya mwaka huu ndiyo itakayokuwa kipimo cha lugha zitakazofuata. Ikiwa na kasoro, uzamivu wote utairithi.

Kuna pia haraka isiyokuwa yangu. Wazee wanaosimulia Kibena kirefu, bila kuingiza Kiswahili kila baada ya sentensi mbili, wanapungua, na wajukuu wao wengi wanakielewa bila kukisema. Ninakipenda Kiswahili na nimekifundisha sekondari kabla ya kurudi chuoni. Sioni kwamba kukirekodi Kibena vizuri kunakipunguzia Kiswahili chochote.

Msimamizi wangu ameipitia ratiba ya kozi na amekubali sura ya mbinu za utafiti isubiri hadi nitakaporudi. Muhula wa Novemba nitaendesha mafunzo ya vitendo ya Praat na ELAN kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaoandika kuhusu lugha zao. Wa Kihehe na wa Kisangu wameshaniuliza. Rekodi zote, kwa idhini ya wasimulizi, zitawekwa nakala katika maktaba ya chuo, na nakala nyingine nitaipeleka kijijini kwenye kadi za kumbukumbu za simu, maana huko ndiko zitakakosikilizwa zaidi.

Ninawasilisha kwa heshima, pamoja na orodha ya vitenzi na rekodi mbili za majaribio kama kiambatisho.